Tiketi imeshuka bei baada ya kulipiwa: kisa cha safari ya Dodoma hadi Denver

Mhadhiri mmoja wa Dodoma alikata tiketi mbili kwa safari moja. Ya kwanza, Dar es Salaam hadi Washington na kurudi, aliinunua kwa wakala wa mjini tarehe 3 Machi. Ya pili, Washington hadi Denver na kurudi, aliinunua mwenyewe tarehe 10 Machi kwenye tovuti ya shirika la ndege la Marekani. Mkutano aliokuwa anauendea ulipangwa mwanzoni mwa Juni. Kabla Aprili haijaisha, tiketi zote mbili zilikuwa zimeshuka bei. Ile ya Denver ilimpa kitu kwa dakika chache tu za kubonyeza simu. Ile ya Washington, ambayo ndiyo iliyoshuka kwa fedha nyingi zaidi, haikumpa hata senti, na ilikuwa sahihi kutoigusa.

Kisa hiki kimeundwa kutokana na mambo yanayowatokea wasafiri mara kwa mara, na bei zilizomo ni za mfano. Kanuni zinazoamua nani anapata na nani anakosa ndizo za kweli, na ndizo zinazostahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Kinachotokea hasa bei inaposhuka

Wengi husikia kwamba mashirika ya Marekani "yanarudisha tofauti" bei ikishuka, wakadhani ipo fedha inayowasubiri mahali fulani. Hakuna. Shirika halikufuatilii, halikutumii ujumbe, na tofauti haiingii kwenye kadi yako. Unachofanya ni kuitoa tiketi ya zamani kama vile ni fedha, ukanunua nayo tiketi mpya ya ndege ileile, siku ileile, kwa bei ya leo. Kwa hiyo jambo zima linategemea masharti ya kubadilisha yaliyomo kwenye tiketi uliyonayo tayari. Hesabu yake ni fupi:

```
thamani ya tiketi ya zamani
- bei ya tiketi mpya leo
- ada ya kubadilisha ya shirika
- ada ya huduma ya wakala
= kinachobaki
```

Ukishapata kinachobaki, bado kuna swali moja ambalo watu hulisahau: kinakuja kwa sura gani? Kinaweza kuja kama fedha taslimu, kama salio la kusafiria na shirika hilohilo, au kikapotea kabisa kwa sababu nauli hairejeshwi.

Mlango huu ulifunguka kwa upana Agosti 2020, usafiri ulipokuwa umelala kwa sababu ya korona. United ilitangaza kufuta ada ya kubadilisha kwa safari za ndani ya Marekani, na siku iliyofuata Delta na American wakafuata. Southwest haikuwahi kutoza ada hiyo. Ada ikiwa sifuri, mstari wa tatu wa hesabu hapo juu unafutika, na mteja akinunua moja kwa moja kwenye tovuti, mstari wa nne nao unafutika. Ndiyo maana kule mtu anaweza kufaidi hata bei ikishuka dola 20. Lakini msamaha huo haukuhusu ile nauli ya chini kabisa, inayosomeka kwenye skrini `Basic Economy`, na kwa safari zinazoanzia nje ya Marekani masharti yanaweza kuwa mengine kabisa hata kama shirika ni lilelile. Msafiri wa Dodoma anayesoma ushauri ulioandikiwa Wamarekani huangukia hapo.

Usiku wa kwanza: dhamana ya nauli ya chini

Tiketi ya Washington ilikatwa mchana kwa dola 1,380. Saa mbili usiku mhadhiri mwenzake akamtumia skrinshoti ya tovuti moja ya kulinganisha nauli: ndege zilezile, tarehe zilezile, dola 1,318. Akamwandikia wakala.

"Kaka, samahani kwa usumbufu wa usiku. Hii tofauti ya dola 62 hairudishwi? Nimesoma kwamba shirika lina dhamana ya nauli ya chini."

"Shikamoo Dokta. Dhamana yao ni kwa aliyenunua kwenye tovuti yao wenyewe, si kwetu. Halafu angalia vizuri, hiyo ina begi moja. Ya kwako ina mawili ya kilo 23. Na hapo bado hujafika ukurasa wa kulipa."

Wakala alikuwa sahihi katika yote matatu. Dhamana ya nauli ya chini ni kitu tofauti na salio la bei kushuka, ingawa watu huyachanganya. Dhamana inalinganisha wauzaji wawili kwa wakati mmoja: umenunua kwenye tovuti ya shirika, kisha ukakuta ndege hiyohiyo inauzwa nafuu kwingine. Kwa kawaida unatakiwa kudai ndani ya saa 24 au siku hiyohiyo. Nauli iwe ya umma, maana bei za wanachama, za kundi au za kifurushi pamoja na hoteli hazihesabiwi. Namba za ndege, tarehe, aina ya nauli, mizigo na sarafu vyote vifanane, na jumla iwe pamoja na kodi. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mhudumu wa shirika lazima aione bei hiyo yeye mwenyewe anaposhughulikia dai lako. Skrinshoti peke yake haitoshi. Madai mengi hufa hapo, kwa sababu tovuti za kulinganisha huonyesha bei iliyohifadhiwa saa kadhaa zilizopita, na ukibonyeza hadi ukurasa wa kuandika namba ya kadi inapanda. Kipimo cha kuaminika ni bei ya ukurasa huo wa mwisho. Mwenzake alipoombwa afike huko, ikasoma 1,349 na begi moja.

Hata hivyo usiku ule ulikuwa na njia nyingine, na ni vizuri kuijua kwa sababu haihitaji dhamana ya mtu yeyote. Mawakala wanaweza kufuta tiketi siku ileile iliyotolewa, wao husema kuvoidi, na mashirika mengi huruhusu hilo bila faini hadi saa sita usiku. Fedha inakuwa kama haijatoka. Bei ingekuwa imeshuka kweli, kwa mabegi yaleyale, wakala angeifuta ile ya mchana na kukata mpya kabla ya saa sita, akabaki kudai ada yake tu. Baada ya saa sita tiketi huingia kwenye hesabu za mauzo, na kuanzia hapo kila mguso una masharti na gharama. Kwa hiyo siku ya kununua tiketi kubwa ni heri kununua asubuhi kuliko jioni, na kuangalia bei tena kabla ofisi ya wakala haijafungwa.

Marekani wana kanuni inayofanana na hiyo, tena yenye nguvu ya sheria. Shirika linalouza safari za kwenda, kutoka au ndani ya Marekani linatakiwa kumruhusu mteja aliyenunua kwake afute bila faini ndani ya saa 24, au amshikilie nafasi kwa bei hiyo kwa muda huohuo bila kulipa, mradi safari iwe imebaki siku saba au zaidi. Kanuni inalibana shirika, haimbani wakala. Tiketi ya Denver ilikuwa chini ya ulinzi huo. Ya Washington, iliyokatwa kwa wakala wa Dodoma, haikuwa.

Tiketi ya Denver

Tiketi hii iligharimu dola 412, kwenda na kurudi, zote mbili kupitia Chicago. Ilikuwa nauli ya kawaida ya daraja la chini, siyo `Basic Economy`. Siku ya kununua tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa dola 60, na mhadhiri nusura achukue ile ya nafuu. Kama angeichukua, sehemu hii yote ya kisa isingekuwepo.

Tarehe 24 Machi alitafuta upya safari hiyohiyo kana kwamba hana tiketi, akakuta dola 298. Kabla ya kufurahi alihakikisha mambo mawili. Kwanza, kwamba 298 ni ya nauli ya kawaida, kwa sababu ukurasa wa kwanza wa matokeo huonyesha bei ya ile ya chini kabisa. Pili, kwamba ametafuta kwa msafiri mmoja. Hili la pili lina maana yake. Viti vya ndege huuzwa kwa mafungu ya bei, kila fungu na herufi yake, na tovuti hukupa fungu la chini lenye viti vya kuwatosha watu wote uliowaandika kwa pamoja. Kikibaki kiti kimoja cha dola 298 na nyinyi mko wawili kwenye tiketi moja, mfumo utawapandisha wote wawili hadi fungu linalofuata, nanyi mtadhani bei haijashuka. Wanaosafiri wawili wawili watafute kwa mtu mmoja pia, na tofauti ikionekana waombe shirika ligawanye uhifadhi wao uwe namba mbili, kisha mmoja abadilishiwe bei. Kugawanya hakurudi nyuma, kwa hiyo waliochagua viti vya kukaa pamoja waangalie viti vyao baadaye.

Kubadilisha kwenyewe kulikwenda hivi. Alifungua sehemu ya safari zake, inayosomeka `My Trips`, akaingiza namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita pamoja na jina la ukoo. Akabonyeza `Change flight`, akachagua kwenda na kurudi, na kwenye orodha akachagua ndege zilezile alizokuwa nazo. Kuna tovuti zinazoficha ndege uliyonayo au kuiandika kwamba ndiyo ya sasa na kukataa kuichagua. Likitokea hilo, unapiga simu na kuomba wakuwekee bei ya leo kwenye ndege hiyohiyo. Yake ilikubali. Ukurasa uliofuata ukaandika kwamba thamani ya tiketi ni 412, mpya ni 298, ada sifuri, na kwamba dola 114 zitatolewa kama salio la safari. Kila shirika lina jina lake kwa kitu hiki: United huandika `future flight credit`, Delta `eCredit`, American `Trip Credit`.

Hapo ndipo kwenye uamuzi mzito zaidi wa tiketi hii, na bahati nzuri hakubonyeza haraka.

Dola 114 kwenye karatasi ni nyingi. Lakini salio lile linaandikwa kwa jina la msafiri, kwa kawaida halihamishiki, halilipii mizigo wala kiti, na linatumika kwa shirika lile tu. Muda wake nao una mtego. Mara nyingi mwaka mmoja unahesabiwa tangu siku tiketi ya kwanza ilipotolewa, yaani 10 Machi, si tangu 24 Machi salio lilipozaliwa. Mtu anayeishi Chicago atalitumia kabla ya Desemba. Mtu anayeishi Dodoma, ambaye safari yake nyingine ya Marekani haijulikani itakuwa lini, ana hatari kubwa ya kuliona likiisha. Hata Southwest, ambayo kwa miaka kadhaa iliacha salio lisiishe muda, ilirudisha kikomo kwa tiketi zilizonunuliwa kuanzia 28 Mei 2025: miezi sita kwa nauli yake ya `Basic`, na miezi kumi na miwili kwa nyingine.

Kwa hiyo badala ya kuuliza "nitapata salio la kiasi gani," aliuliza bei iliyoshuka inaweza kumnunulia nini kwenye safari hii hii. Alikuwa na udhaifu mmoja mkubwa katika ratiba yake: siku ya kurudi, ndege ya kutoka Denver kupitia Chicago ilifika Washington saa tatu na nusu tu kabla ya ndege ya kurudi Afrika. Hizo ni tiketi mbili tofauti. Ndege ya Chicago ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri wala kumpa nafasi nyingine bure, na mabegi anatakiwa kuyachukua na kuyakabidhi upya. Siku ya kununua, ndege ya moja kwa moja ilikuwa ghali mno. Sasa ilikuwa imeshuka pamoja na nyingine.

Kwenda kupitia Chicago kulikuwa dola 149. Kurudi kupitia Chicago 149, kurudi moja kwa moja 214. Akachagua kwenda kama ilivyokuwa na kurudi moja kwa moja, ndege ya asubuhi. Jumla ikawa 363, salio likawa dola 49 badala ya 114, na nafasi yake pale Washington ikawa zaidi ya saa sita. Amelipa dola 65 za karatasi ambayo pengine asingeitumia kamwe, akapata kinga ya safari ya zaidi ya dola elfu moja. Kwa msafiri wa kutoka huku, hii karibu kila mara ndiyo namna bora ya kula bei iliyoshuka: itumie ndani ya safari hiyohiyo, usiisubirishe.

Baada ya kuthibitisha alifungua tena uhifadhi na kukagua vitu vitatu: tiketi mpya ina namba mpya ya tarakimu 13, kiti alichochagua mwanzo hakijapotea, na barua pepe ya salio inaonyesha jina, kiasi na tarehe ya mwisho. Kiti kilikuwa kimepotea upande wa kurudi, jambo la kawaida kwa sababu ndege ni nyingine, akachagua kingine. Tangu hapo kipimo chake si 412 tena. Bei ikishuka chini ya 363 anaweza kurudia zoezi lote, ikipanda haimhusu.

Tiketi ya Washington

Tarehe 20 Aprili nauli ya Dar es Salaam hadi Washington, kwa mabegi mawili yaleyale, ilionekana dola 1,205. Tofauti ni 175. Kwa uzoefu wa Denver, mhadhiri alidhani hii itakuwa nyepesi zaidi.

Jambo la kwanza ni kusoma risiti ya tiketi, ile karatasi ya kurasa mbili ambayo wengi huiangalia tarehe na saa tu. Kwenye mstari wa `FARE BASIS` kuna mkusanyiko wa herufi na tarakimu, na herufi ya kwanza kwa kawaida ni ya fungu la bei ulilonunua. Ikiwa bei mpya inaanza na herufi nyingine, maana yake fungu la chini lililokuwa limefungwa limefunguliwa tena, labda kwa sababu kundi fulani lilirudisha viti, na linaweza kufungwa tena kesho. Ikiwa jina zima la nauli ni lilelile ila bei imepungua, shirika limeshusha nauli yenyewe, mara nyingi kumjibu mshindani, na kwa kawaida hukaa zaidi. Kwenye mstari wa `ENDORSEMENTS` kuna maneno mafupi yanayobeba mzigo wote. Yake ilisomeka `NONREF/CHNG FEE APPLIES`: hairejeshwi, na kubadilisha kuna ada.

Wakala alifungua masharti kamili ya nauli kwenye mfumo wake. Ada ya kubadilisha kabla ya safari, dola 150. Ada ya kufuta, dola 250. Ada ya wakala mwenyewe kwa kukata tiketi upya, dola 20. Tukiweka kwenye hesabu:

```
1,380 - 1,205 - 150 - 20 = 5
```

Dola tano. Lakini hata hizo hazikuwepo, kwa sababu wakala aliuliza swali ambalo mhadhiri asingejua kuliuliza: ada ya 150 inakatwa kwenye tofauti, au inalipwa kama fedha mpya? Dawati la shirika likajibu kwamba ada inalipwa upya, na tofauti ya nauli inatolewa kama vocha ya mwaka mmoja kwa jina la msafiri. Yaani angetoa dola 170 mfukoni leo ili apewe karatasi ya dola 175. Zipo nauli zenye sharti kali kuliko hilo, ambapo tofauti inapotea kabisa na ada inabaki palepale. Huko mtu hulipa 170 ili awe na ndege ileile aliyokuwa nayo jana. Swali hilo moja liulizwe kwa maandishi kabla wakala hajagusa chochote, maana akishabonyeza harudi nyuma.

Njia ya pili ilikuwa kufuta na kununua upya. Kwa tiketi hii neno `NONREF` halikumaanisha kwamba fedha yote inapotea. Masharti kamili yaliruhusu marejesho baada ya kukata 250, kwa hiyo angerudishiwa 1,130, na marejesho ya wakala huchukua wiki kadhaa kwa sababu hupitia kwa shirika kwanza. Kununua mpya ni 1,205. Hasara ya dola 75, bado ada ya wakala. Njia hii ingekuwa na maana tu kama bei mpya ingeshuka chini ya 1,110, yaani 1,130 ukitoa 20 za wakala. Namba hiyo moja ndiyo aliyopaswa kuiandika mahali. Hakuna haja ya kuangalia bei kila asubuhi na kuumia moyo inapocheza kati ya 1,200 na 1,300. Unaweka taarifa ya bei kwenye Google Flights na kusubiri kama itagusa 1,110. Na kama ingegusa, mpangilio una hatari yake: ukinunua mpya kabla ya kufuta ya zamani, kwa jina lilelile na ndege ileile, mfumo wa shirika unaweza kuona uhifadhi pacha na kufuta mmoja wao wenyewe, tena si lazima uwe ule unaotaka ufutwe. Wakala afute na kukata kwa mkupuo mmoja.

Ilibaki njia ya tatu, na hiyo haitegemei hiari ya mteja. Shirika likibadilisha ratiba yake kwa kiasi kikubwa, masharti ya ada huanguka. Kwa safari za kwenda na kutoka Marekani kiasi hicho kimeandikwa: tangu kanuni za 2024, ndege ya kimataifa ikisogezwa kuondoka mapema kwa saa sita au zaidi, au kufika kwa kuchelewa kiasi hicho, msafiri anayekataa ratiba mpya anastahili kurudishiwa fedha yote, hata kama tiketi ni ya `NONREF`. Kwa ndege za ndani ya Marekani ni saa tatu. Mwanzoni mwa Mei shirika lilimtumia ujumbe kwamba ndege yake ya kurudi imesogezwa. Wengi hubonyeza "nakubali" bila kusoma. Kwa mtu mwenye tiketi iliyoshuka bei, ujumbe wa namna hii usibonyezwe kabla ya kupiga hesabu ya saa, kwa sababu kukubali kunafunga mlango: ingekuwa saa sita, angeikataa, akadai 1,380 yake kamili na kununua kwa 1,205. Ilikuwa saa moja na dakika hamsini. Akakubali, na tiketi ikabaki kama ilivyokuwa.

Kuna wanaouliza kama kampuni ya tatu inaweza kuziba pengo hili. Google Flights imewahi kutoa dhamana yake kwa baadhi ya tiketi: bei ikishuka kabla ya kuondoka, inalipa tofauti inayozidi dola 5, hadi dola 500 kwa mwaka. Lakini ni kwa safari zinazoanzia Marekani na kulipiwa kupitia kwao. Tiketi inayoanzia Dar es Salaam haimo. Kwa ndege za Dodoma na Dar es Salaam usitegemee utaratibu wa namna hii. Hapo ada ya kubadilisha kwa kawaida humeza chochote kilichoshuka, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 ni rahisi zaidi kuiacha sehemu hiyo ya safari bila kuilipia mapema hadi tarehe za ndege kubwa zitulie.

Masurufu

Limebaki suala la nani mwenye zile dola 49. Safari ililipiwa na chuo kwa masurufu, na risiti ya kwanza ya Denver ilisema 412. Salio lina jina la mhadhiri na haliwezi kuandikwa jina la chuo, lakini fedha iliyolizaa si yake. Akirejesha masurufu kwa risiti ya 412 peke yake, mkaguzi akilinganisha namba ya tiketi iliyosafiriwa na ile iliyo kwenye risiti atakuta hazifanani, kwa sababu tiketi ya 10 Machi ilishabadilishwa na haikurukiwa. Anapaswa kuambatanisha risiti zote mbili, ya 412 na ya 363, pamoja na barua pepe ya salio yenye namba na tarehe yake ya mwisho, 10 Machi ya mwaka unaofuata, kisha aandike kwamba salio litatumika kwa safari ya kikazi kabla ya tarehe hiyo. Kuna wahasibu watakaotaka dola 49 zirudishwe taslimu papo hapo. Akizirudisha, salio ni lake, na stakabadhi ya malipo hayo iingie kwenye jalada lilelile.